Kila Kisanduku na Karatasi Yake

Juma lililopita, saa tatu usiku, simu yangu ililia mara tatu mfululizo. Nikavaa miwani. Ilikuwa picha kutoka kwa mjukuu wa kaka yangu, kijana wa miaka 19 anayeishi Katoro, mkoani Geita. Chini ya picha kaandika: "Shikamoo Bibi. Nisaidie hii fomu, kesho asubuhi natakiwa kwa mtendaji."

Fomu yenyewe ilikuwa ya kuomba kitambulisho cha taifa, ile ambayo sote tunaiita fomu ya NIDA. Nilipoitazama nilielewa kwa nini ameshindwa, kwa sababu na mimi nilishindwa. Picha ilipigwa kitandani, chini ya taa ya dari, na kivuli cha kichwa chake mwenyewe kimefunika nusu ya ukurasa. Pembe ya chini ilikatika. Mistari ya nukta za kujazia ilikuwa imegandana kama uji.

Nimekuwa mwalimu wa shule za msingi Kanda ya Ziwa kwa muda mrefu, na tangu nistaafu nimekuwa mtu wa kuletewa fomu. Zamani watu walikuja nazo mkononi, tukakaa barazani. Siku hizi zinakuja kwa picha. Nataka leo nikueleze jinsi tulivyoimaliza fomu ile, mimi nikiwa Morogoro na yeye Katoro, kwa sababu najua kuna wengi wenu mnaoletewa picha kama hizo na wadogo zenu, na mnajibu kwa haraka tu, "hapo andika jina lako." Hilo halitoshi, na nitakuonyesha kwa nini.

Kwanza ni picha yenyewe. Nilimwambia asubiri asubuhi. Akafungua mlango, akaweka fomu sakafuni karibu na mwanga wa nje, akasimama upande ambao kivuli chake hakiiangukii, akashika simu sambamba na karatasi bila kuiinamisha. Nilimkataza kuwasha taa ya simu, maana inaacha doa jeupe katikati ya ukurasa na maneno yaliyo chini ya doa hilo hayasomeki tena. Nikamwambia nataka kuona pembe zote nne. Si kwa ajili ya uzuri. Kwenye pembe ndiko inakokaa namba ya fomu na namba ya ukurasa, na bila hizo huwezi kujua kama kuna ukurasa mwingine ambao hujatumiwa. Kisha nikamwambia ageuze nyuma. Akajibu, "Nyuma hakuna kitu Bibi, ni maelezo tu." Maelezo hayo ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu picha. Wasapu hupunguza ukubwa wa picha inapoisafirisha. Sura ya mtu haiathiriki sana, lakini maandishi madogo yanapotea, na tarakimu ya 3 inakuwa kama 8. Kwa hiyo mwambie mtu wako aitume kama faili, si kama picha ya kawaida, kisha aongeze picha za karibu za sehemu zile tu zinazomchanganya. Na aitume fomu ikiwa bado tupu. Ukishapokea iliyojazwa kwa wino, kazi yako inakuwa kutazama makosa badala ya kuyazuia.

Picha nzuri ilipofika, sikuanza na kisanduku cha kwanza. Nilianza kwa kutafuta fomu inamhusu nani. NIDA wanasajili watu wa makundi matatu: raia, wageni wakaazi, na wakimbizi. Kila kundi lina fomu yake, na kwa macho ya haraka zinafanana. Ya kijana ilikuwa ya raia, sawa. Halafu nikatafuta sehemu zilizoandikwa kwamba ni kwa matumizi ya ofisi tu. Nikamwambia achukue penseli, azizungushie mstari mwembamba, asiziguse kabisa. Watu wengi huziona zina nafasi tupu wakadhani wamesahau kitu, wakazijaza.

Baada ya hapo nikamwomba afanye jambo ambalo lilimshangaza. Nilimwambia aiweke fomu pembeni, alete karatasi zake zote mezani. Akaleta cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza elimu ya msingi, na kitambulisho cha taifa cha baba yake. Akavipiga picha, mbele na nyuma, akanitumia.

Hapa ndipo kiini cha mazungumzo yangu ya leo. Mtu akikuuliza maana ya kisanduku, usimjibu kwa maneno tu. Muulize: ni karatasi gani uliyonayo inayojibu kisanduku hiki? Afisa atakayeipokea fomu hataangalia kama umeandika vizuri. Ataishika fomu mkono mmoja, na viambatisho mkono mwingine, na atalinganisha. Penye tofauti ataweka kalamu chini na kukuuliza. Kwa hiyo fomu inajazwa kutoka kwenye karatasi, haijazwi kutoka kichwani.

Tuone majina. Jina lake halisi silitaji hewani, kwa hiyo tuseme anaitwa Yohana Petro Masanja. Fomu ilikuwa na nafasi tatu: jina la kwanza, jina la kati, na jina la mwisho au ubini. Neno "ubini" lilimkwamisha. Hajawahi kulisikia shuleni, na silaumu. Ubini ni jina la mwisho, linaloonyesha wewe ni wa nani, na kwa familia nyingi ni jina la babu au la ukoo. Kwa hiyo Yohana anakaa nafasi ya kwanza, Petro ambaye ni baba yake anakaa katikati, na Masanja, ambaye ni kaka yangu, anakaa mwisho. Yeye alikuwa anataka kuyapanga yote matatu kwenye nafasi ya kwanza kwa sababu ilikuwa ndefu kuliko nyingine.

Lakini cheti chake cha shule ya msingi kimeandikwa John Petro. Hakuna Masanja, na Yohana amekuwa John. Niliposoma hivyo moyo uliniuma kidogo, kwa sababu nimeandika madaftari ya uandikishaji wa darasa la kwanza kwa miaka mingi na najua inavyotokea. Mzazi anakuja na mtoto, foleni ni ndefu, unauliza "anaitwa nani?", anakutajia jina wanalomwita nyumbani na jina la baba. Unaandika majina mawili. Miaka saba baadaye majina hayo yanakwenda kwenye cheti, na mtoto anabeba kosa la asubuhi moja maisha yake yote. Kama wewe ni mwalimu unayenisikiliza, omba kuona cheti cha kuzaliwa kabla hujaandika.

Sasa afanyeje? Jina linafuata cheti cha kuzaliwa, hivyo kwenye nafasi kuu anaandika Yohana Petro Masanja, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye cheti. Fomu ina nafasi ya majina mengine anayojulikana nayo. Pale ndipo anaandika John Petro. Kijana aliogopa kwamba akiandika majina mengine ataonekana tapeli. Nikamweleza kwamba ni kinyume chake, kwa sababu cheti chenye jina John atakiambatisha, na afisa atakiona. Jina aliloliandika mwenyewe halina shida. Linaloleta maswali ni lile ambalo afisa amelikuta kwenye kiambatisho na wewe hukulitaja.

Pamoja na hilo, nilimwambia aandae hati ya kiapo. Hii inaapwa mbele ya kamishna wa viapo, ambaye kwa kawaida ni wakili, au mbele ya hakimu. Inasema kwa kifupi kwamba Yohana Petro Masanja aliye kwenye cheti cha kuzaliwa na John Petro aliye kwenye cheti cha shule ni mtu mmoja. Naomba usikilize vizuri hapa, maana watu wanauziwa karatasi wasiyoihitaji. Kiapo kinaeleza kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Kubadili jina ni jambo jingine kabisa, lina hati yake ya kubadili jina, nayo husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Mjukuu wangu habadili jina. Yeye ni Yohana tangu azaliwe. Mtu mmoja pale mjini alikuwa ameshamwambia kwamba lazima abadili jina rasmi, na alikuwa tayari kulipia.

Kisanduku kilichofuata ni tarehe ya kuzaliwa, na hapa nilimsimamisha muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Chukua cheti cha kuzaliwa ulicho nacho nyumbani ukitazame. Utakuta tarehe zaidi ya moja. Ipo siku aliyozaliwa mtoto, ipo siku kizazi kilipoandikishwa, na chini huko ipo siku cheti kilipotolewa. Cheti cha ubatizo nacho kina siku ya kuzaliwa na siku ya ubatizo. Kijana aliniandikia tarehe ya majaribio kwenye daftari: 24/12/2006. Nikaitafuta kwenye picha zake. Ilikuwa siku ya ubatizo, Jumapili ya kuamkia Krismasi. Tarehe ya kuzaliwa kwenye cheti cha kuzaliwa ilikuwa 7 Agosti 2006.

Kosa la namna hiyo kwenye fomu nyingine unaweza kulikata na kuandika upya. Kwenye fomu hii lina uzito wa pekee. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na tarakimu 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Ya kijana huyu itaanza na 20060807. Angeandika tarehe ya ubatizo, ingeanza na 20061224, na namba hiyo ndiyo anayosajilia laini ya simu, anayofungulia akaunti ya benki, anayoombea pasipoti. Kila ofisi atakayokwenda na cheti chake cha kuzaliwa ingeona tarehe ya cheti ikigombana na namba yake mwenyewe.

Pia nilimwangalizia mpangilio. Fomu ilikuwa na visanduku vidogo vya siku, mwezi na mwaka. Tarehe 7 mwezi wa 8 na tarehe 8 mwezi wa 7 zote ni tarehe halali, kwa hiyo hakuna mashine wala afisa atakayeshtuka ukizigeuza. Tarehe yenye siku ya 13 kwenda juu hujilinda yenyewe, kwa sababu hakuna mwezi wa 13. Walio hatarini ni waliozaliwa siku 12 za mwanzo za mwezi. Nilimwambia atamke kwa sauti, "siku ya saba, mwezi wa nane," huku akiandika.

Kwenye cheti hicho hicho cha kuzaliwa aliniuliza namba ya cheti ni ipi, kwa sababu aliona namba mbili. Namba ya ingizo ndiyo inayoonyesha mahali kizazi chake kilipoandikwa katika rejesta, na ndiyo RITA wanayoitumia kukitafuta wakitaka kuhakiki. Ile nyingine iliyochapwa kwenye karatasi ni ya karatasi yenyewe. Fomu ikisema namba ya cheti bila kufafanua, mimi humwambia mtu aandike namba ya ingizo, na aende na cheti halisi pamoja na nakala ili afisa ajionee.

Mahali pa kuzaliwa paliniletea kazi ambayo sikuitegemea, ingawa nilipaswa kuitegemea, maana nimeishi kule. Cheti cha kijana kinasema amezaliwa Wilaya ya Geita, Mkoa wa Mwanza. Yeye anajua kabisa Geita ni mkoa. Akawa ameandika Mkoa wa Geita, akadhani cheti kina kosa, na akataka kwenda RITA kukirekebisha.

Cheti hakina kosa. Mwaka 2006 Geita ilikuwa wilaya ndani ya Mkoa wa Mwanza. Mkoa wa Geita ulizaliwa mwaka 2012, wakati mmoja na Njombe, Katavi na Simiyu. Songwe ikafuata mwaka 2016, ikimegwa kutoka Mbeya. Manyara ilikuwa imetangulia, mwaka 2002, ikitoka Arusha. Kwa hiyo kuna Watanzania wengi sana ambao cheti chao kinataja mkoa ambao leo si wao, na wote wako sahihi. Ukimsaidia mtu aliyezaliwa maeneo hayo, tazama mwaka wa kuzaliwa kabla hujamwambia cheti kina makosa. Mimi nilimwelekeza aandike kama cheti kinavyosema, Mwanza, Geita, kwa sababu kiambatisho ndicho shahidi. Kisha kwenye karatasi ya pembeni aandike kwamba eneo hilo sasa liko Mkoa wa Geita, amwonyeshe afisa, na kama ofisi inataka jina la sasa, afisa mwenyewe amwambie. Hapo haonekani kubabaika, anaonekana anajua alikotoka.

Tukafika kwenye uraia. Fomu iliuliza aina ya uraia wake: kuzaliwa, kurithi, au tajinisi. Akaniambia kwa uhakika, "Bibi, hapa naweka kurithi. Baba ni Mtanzania, nimeurithi kwake."

Msikilizaji, kama kuna kisanduku kimoja nataka ukikumbuke leo, ni hiki, kwa sababu kinadanganya kwa lugha ya kila siku. Katika mazungumzo ya kawaida, kurithi ni kupata kitu kutoka kwa baba. Katika Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, neno hilo lina mpaka wake. Raia wa kurithi ni mtu aliyezaliwa nje ya Tanzania, huku baba au mama yake ni raia, na mzazi huyo naye asiwe ameupata uraia kwa kurithi tu. Kijana wa Geita, aliyezaliwa Geita kwa wazazi Watanzania, ni raia wa kuzaliwa. Na tajinisi ni yule aliyekuwa mgeni, akaomba, akapewa cheti cha uraia.

Akiweka alama kwenye kurithi, nini kinatokea? Anakuwa amesema kwa mkono wake kwamba alizaliwa nje ya nchi. Kisha anaambatisha cheti kinachosema alizaliwa Geita. Na usajili huu unapitia macho ya afisa uhamiaji, ambaye kazi yake ni hiyo hasa. Utaulizwa maswali ya wazazi na ya mababu, na unaweza kuambiwa urudi siku nyingine na ushahidi zaidi. Yote hayo yametoka kwenye alama moja ya vema iliyowekwa na mtu mkweli kabisa.

Kwa wenye jamaa walio nje, kwa mfano mtoto aliyezaliwa Maskati au Nairobi kwa mama Mtanzania, hapo ndipo kurithi kunapowahusu. Na karatasi zao zinabadilika pia: watahitaji cheti cha kuzaliwa cha nchi waliyozaliwa, na ushahidi wa uraia wa yule mzazi. Ndiyo maana nasema kisanduku na karatasi yake haviachani.

Sehemu ya wazazi ndiyo iliyomfanya aninyamazie. Alikuwa anajibu haraka, ghafla simu ikatulia kama dakika kumi. Upande wa baba ulikuwa mwepesi. Kitambulisho cha baba kipo, namba yake tukainakili tarakimu moja moja, tukahesabu zikafika 20. Upande wa mama aliuacha mtupu. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minne. Akaniandikia, "Bibi, mimi sijui hata alizaliwa wapi."

Nilimpigia badala ya kuandika. Kuna mambo hayafai kwa ujumbe.

Nilimweleza kwanza kwa nini fomu inauliza. Haimuulizi ili kumuumiza. Inauliza mzazi alizaliwa wapi na ni raia wa wapi kwa sababu uraia wa mtoto unasimama juu ya wazazi. Kisanduku kitupu cha mama hakimwambii afisa kwamba mama amefariki. Kinamwambia kwamba mwombaji hajataja mama yake, na afisa hawezi kujua ni kwa nini. Kwa hiyo tunaandika kile tunachokijua. Jina la mama liko kwenye cheti cha kuzaliwa cha kijana, tena kamili, hivyo linaandikwa kama lilivyo pale. Panapouliza hali yake, marehemu.

Kisha tukamtafuta anayejua. Mama mdogo wa kijana, mdogo wa marehemu, anaishi Sengerema. Mimi nina namba yake tangu msibani. Tulimpigia, akasema dada yake alizaliwa kijiji kimoja na yeye, akakitaja, akataja na kata yake. Akasema pia kwamba kadi ya mpiga kura ya marehemu bado anayo, ameihifadhi ndani ya Biblia. Nikamwomba aipige picha. Ikaja, imechakaa pembeni, lakini jina na sura vinaonekana. Kijana akaniambia hajawahi kuiona picha hiyo ya mama yake.

Kadi ya mpiga kura ya mzazi ni kiambatisho kizuri katika hali kama hii. Cheti cha kifo kikiwepo ni bora zaidi kwa kuthibitisha kwamba hayupo. Mama mdogo anaweza pia kuapa kiapo kwamba ni ndugu wa tumbo moja na marehemu na kwamba walizaliwa kijiji fulani. Panapokosekana yote hayo, parokia alikobatizwa mzazi mara nyingi ina daftari, na padre au katekista anaweza kutoa nakala ya cheti. Kwa Waislamu, ndoa ya wazazi iliyosajiliwa ina cheti chake, na cheti cha ndoa kinataja majina ya wote wawili. Unatafuta karatasi yoyote iliyoandikwa zamani, wakati ambapo hakuna aliyekuwa akifikiria fomu hii.

Makazi sitayakalia sana. Fomu iliuliza makazi ya sasa na makazi ya kudumu. Ya sasa ni mahali unapolala leo, yaani Katoro kwenye chumba anachopanga. Ya kudumu ni nyumbani kwao, kwa baba. Kama ni pamoja, unaandika pamoja, huachi nafasi. Walio mjini wanaandika mtaa, walio vijijini wanaandika kijiji na kitongoji, na Zanzibar ni shehia. Muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji lazima utoke pale unapoishi kweli, kwa sababu kiongozi anayegonga muhuri anathibitisha kwamba anakufahamu. Kijana alitaka kugongewa na mwenyekiti wa kijiji cha baba yake kwa kuwa wanajuana, huku ameandika makazi ya sasa ni Katoro. Nilimwambia aende kwa mtendaji wa Katoro kama alivyoitwa, na aende na mwenye nyumba wake au balozi iwapo mtendaji hamjui kwa sura.

Sahihi ilikuwa ya mwisho. Nilimkataza kuweka sahihi mapema. Aliandika kwanza majibu yote kwenye daftari, akanitumia picha ya daftari, nikayasoma nikiyalinganisha na picha za vyeti, nikampigia kumsomea yale mawili niliyoona yana shaka. Moja lilikuwa herufi: kwenye daftari aliandika Massanja, esi mbili, kama anavyojiandika kwenye simu. Kwenye cheti ni esi moja. Ndipo akachukua kalamu ya wino mweusi, akajaza kwa herufi kubwa. Hakuna kitu nilichomjazia mimi. Ukimjazia mtu fomu, akifika mbele ya afisa akaulizwa "uraia wako ni wa aina gani?", hatakuwa na jibu. Huyu alikuwa nalo, na alikuwa anajua sababu yake.

Halafu nikafuta. Nilikuwa na picha za cheti chake, za kitambulisho cha baba yake chenye namba yote, na za kadi ya marehemu. Nilizifuta kwenye mazungumzo, na kwenye hifadhi ya picha ya simu, kwa maana simu huziweka mahali pawili bila wewe kujua. Nikamwambia na yeye afute zile za baba. Na nikamwonya kwamba picha hizo hazitumwi kwenye kundi la familia, hata kama shangazi zake wote wamo na wote wanampenda. Namba ya NIDA ya mtu pamoja na tarehe na picha yake vinatosha kabisa kumtia mtu mwingine tamaa.

Kadi ya mama yake sikumwambia aifute. Hiyo alinitumia tena jana, akiwa ameipeleka stesheneri kuikuza. Fomu imeshagongwa muhuri na mtendaji. Anasubiri hati ya kiapo kutoka kwa wakili, halafu Jumanne mama mdogo atapanda gari kutoka Sengerema kumletea kadi yenyewe mkononi, kwa sababu afisa atataka kuona ile halisi, na mama mdogo amekataa katakata kuituma kwa basi.